Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga bei ya zabuni ya chakula shuleni

Nina ghala dogo la mazao Makambako, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiomba zabuni za kupeleka chakula kwenye shule na vyuo. Wenzangu wanaoanza huniuliza swali moja kwa namna nyingi: niweke bei gani ili nishinde? Mimi huwarudishia swali lingine: ukishinda kwa bei hiyo, mwezi wa tatu utakuwa unacheka au unalia? Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi. Nayajibu kwa mfano mmoja tu ninaoufuata hadi mwisho, maharage ya shule ya bweni ya serikali yenye wanafunzi 600. Bei zote nilizotaja ni za mfano. Weka za kwako.

Nianze na bei ya soko au bei ya aliyeshinda mwaka jana?

Anza na ratiba ya kupeleka mzigo. Bei ya mshindi wa mwaka jana ina kazi yake, lakini baadaye kabisa, ukishajua gharama zako mwenyewe. Ukianza nayo, kila hesabu utakayoipiga utaivuta ilingane nayo. Kichwa cha mtu kinapenda kujidanganya kinapoona namba ya ushindi.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwa hiyo zabuni nyingi za mwaka zinaanza hapo. Shule yetu inataka mzigo Julai hadi Novemba, inafunga Desemba, kisha Januari hadi Mei. Hiyo ni miezi 10. Wanafunzi 600 kwa gramu 120 za maharage makavu kila mmoja ni kilo 72 kwa siku. Kwa siku 25 za maharage kwa mwezi unapata kilo 1,800, na kwa mwaka kilo 18,000. Hesabu hii ifanye hata kama nyaraka za zabuni zimeshaandika kiasi. Kama zimeandika kilo 40,000 na jiko linakula 18,000, ujue mapema kwamba tani 22 zilizobaki ni za kwenye karatasi.

Maharage yanapanda na kushuka. Nitumie bei ya mwezi gani?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na mimi niliumia. Zabuni yangu ya kwanza kubwa niliijaza baada tu ya mavuno, wakati maharage yamejaa sokoni, nikachukua bei ya wiki ile nikaongeza faida na usafiri. Nilishinda kirahisi, na huo urahisi ulitakiwa unishtue. Kufika Februari nilikuwa nanunua kwa bei kubwa kuliko niliyokuwa nauzia, na mkataba ulikuwa wa bei isiyobadilika kwa mwaka mzima, kama ilivyo mikataba mingi ya namna hii.

Kwa hiyo panga bei ya kila mwezi utakaopeleka mzigo. Angalia daftari lako la manunuzi la miaka miwili au mitatu nyuma. Kama huna daftari, kaa na madalali wa soko unakonunua. Wana kumbukumbu kali, hasa za miezi iliyowaumiza. Tuseme umepata hivi kwa kilo: Julai na Agosti 2,000, Septemba 2,100, Oktoba 2,200, Novemba 2,300, Januari 2,600, Februari 2,700, Machi 2,800, Aprili 2,700, Mei 2,400. Kwa kuwa kila mwezi unapeleka kiasi kilekile, jumlisha ugawe kwa 10. Unapata 2,380. Mwenzako anayejaza zabuni kwa bei ya Julai ameanza na pengo la shilingi 380 kila kilo kabla hajapakia hata gunia moja.

Kama viasi vya miezi vinatofautiana, zidisha bei ya kila mwezi kwa kilo za mwezi huo, jumlisha zote, kisha gawa kwa kilo zote za mwaka. Usichukue wastani wa bei peke yake, maana shule ikiagiza mzigo mkubwa Machi, Machi lazima iwe na uzito wake kwenye hesabu.

Nikishajua bei ya kununulia, ni gharama zipi watu husahau?

Inayosahaulika kuliko zote ni upungufu. Unanunua kilo 100, unauza pungufu ya 100. Kuna mawe, udongo, punje zilizobunguliwa na zilizovunjika, na kuna maji. Maharage yenye unyevu wa asilimia 17 yakikauka hadi asilimia 13, kilo 100 zinabaki kama 95.4. Hakuna aliyekuibia, maji yamekwenda hewani ukiwa umeshayalipia. Ndiyo sababu wazee wa soko hawanunui kwa macho. Kama huna mashine ya kupima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia maharage na chumvi kavu, tikisa, kisha acha dakika kumi hivi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mzigo bado una maji. Aidha usinunue kwa debe halafu ukauza kwa kilo bila kupima mwenyewe. Debe la maharage madogo na debe la makubwa hayana uzito sawa, na debe lililobondwa kitako ni habari nyingine kabisa.

Kwenye mfano wetu nachukua upungufu wa asilimia 4. Angalia namna ya kuuingiza: unagawa, huzidishi. Ukipoteza asilimia 4 unabaki na 96 katika kila 100, kwa hiyo 2,380 gawa kwa 0.96 ni kama 2,480. Baada ya hapo ongeza hadi mlango wa stoo ya shule:

- magunia, uzi na mama wa kuchambua: 45 kwa kilo
- kenta ya kukodi kwa safari ya kilomita 60, shilingi 180,000 kwa kilo 1,800: 100
- makuli wa kupakia na kushusha: 30
- ushuru wa mazao na malipo ya getini: 60

Jumla ni 235, kwa hiyo mzigo ukifika stoo umeshakugharimu 2,715. Halafu kuna gharama za biashara yenyewe ambazo hazina gunia lake: kodi ya ghala, leseni, mtunza hesabu, simu, safari za kufuatilia malipo. Kama zabuni hii inastahili kubeba shilingi milioni 1.8 za gharama hizo kwa mwaka, ni 100 kwa kilo. Tuko 2,815.

Mkataba unasema watalipa ndani ya siku 30. Nihesabu siku 30?

Hesabu siku ambazo taasisi hiyo hulipa kweli. Waulize wanaopeleka mkaa, mboga au nyama pale. Usiwaulize kama shule inalipa, maana watakujibu inalipa. Waulize mzigo wa mwisho kulipwa ulipelekwa tarehe ngapi. Fedha za chakula zinategemea fungu kufika, na fungu halisomi mkataba wako.

Kwenye mfano wetu nachukua siku 75, yaani miezi miwili na nusu. Kama mtaji wako unakugharimu asilimia 1.5 kwa mwezi, iwe ni riba ya benki au ni faida ambayo fedha hiyo ingekuletea kwingine, muda huo ni asilimia 3.75. Ya 2,815 ni 106. Sasa gharama kamili ni 2,921 kwa kilo. Hii ndiyo namba ya kuiandika kwa kalamu nyekundu: chini yake unafadhili chakula cha shule kutoka mfukoni mwako.

Malipo yakienda siku 150, zile 106 zinakuwa 211. Utaona punde kwamba ongezeko hilo peke yake linakula karibu nusu ya faida. Kama mkataba wako una kipengele cha riba kwa malipo yaliyochelewa, kijue kabla ya kusaini, ingawa mzabuni mdogo anayekitumia kweli ni wa kutafuta kwa tochi.

Kuna na suala la pumzi. Kila mzigo mmoja unakula shilingi milioni 5 hivi. Kwa siku 75, utapeleka wa Julai, wa Agosti na wa Septemba kabla ya kulipwa wa Julai. Kwa hiyo milioni 15 zitakuwa nje wakati mmoja. Zabuni inaweza kuwa na faida nzuri kwenye karatasi na bado ikakukaba koo Septemba kwa sababu huna milioni ya kumi na sita.

Nikitaka faida ya asilimia 7, si naongeza asilimia 7 juu ya gharama?

Hapana. Ukiongeza asilimia 7 juu ya 2,921 unapata kama 3,125, na faida yako ya 204 ni asilimia 6.5 ya mauzo. Kama unataka 7 katika kila 100 utakayolipwa, gawa gharama kwa 0.93. Unapata 3,141, mimi naandika 3,140. Tofauti ni shilingi 15 tu kwa kilo, lakini kwa kilo 18,000 ni 270,000, ambayo ni safari moja na nusu ya kenta.

Tofauti inakua jinsi asilimia inavyokua. Anayeongeza 25 juu ya gharama ana faida ya 20 kwenye mauzo. Wanaosema kijiweni kwamba "zabuni ina asilimia ishirini na tano" mara nyingi hawajui wanaongelea ipi kati ya hizo mbili.

Kwa 3,140, mauzo ya mwaka ni shilingi 56,520,000 na faida ni 219 kwa kilo, yaani 3,942,000 kabla ya kodi ya mapato.

Kodi zinaingiaje kwenye bei?

Maharage makavu ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT, kwa hiyo usiongeze asilimia 18 kwenye bei. Lakini msamaha huo una makali yake pia. VAT uliyolipa kwenye magunia au kwa msafirishaji aliyesajiliwa huwezi kuirudisha, ni gharama yako. Bei ya gunia iweke pamoja na VAT yake.

Kodi ya zuio ndiyo inayowashtua wengi. Taasisi ya serikali ikikulipa kwa bidhaa inakata asilimia 2 ya malipo yote, siyo ya faida. Kwenye mfano wetu ni shilingi 1,130,400 kwa mwaka, zaidi ya robo ya faida nzima. Siyo gharama moja kwa moja, kwa sababu inahesabiwa kama kodi ya mapato uliyokwisha kulipa, lakini ni fedha isiyokuwa mkononi mwako. Dai cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo. Bila cheti, siku ya hesabu na TRA utakuwa unasimulia hadithi.

Kama unakadiriwa kodi kwa mauzo na siyo kwa faida, kaa na mhasibu kabla ya kujaza bei. Zabuni ina mauzo makubwa na faida nyembamba, na makadirio ya mauzo hayajui wembamba huo.

Nitajuaje wenzangu wataweka bei gani?

Hutajua, lakini unaweza kukisia kwa akili. Zabuni za umma Tanzania sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na bei huonekana zabuni zinapofunguliwa, hata kama umeshindwa. Watu wengi wakishindwa hufunga kompyuta wakaenda zao. Mimi huandika: tarehe, taasisi, bidhaa, bei ya kila mzabuni, na bei ya gunia sokoni wiki ile. Namba ya mwisho ndiyo ya maana. Bei ya ushindi ya 2,900 haina habari yoyote mpaka ujue soko lilikuwa 2,000 au 2,400.

Baada ya zabuni kumi hivi unaanza kuona wazabuni wana tabia. Yupo anayeweka chini kila mara halafu anaacha kupeleka Februari. Yupo mwenye lori lake, ambaye kwenye shule za mbali humgusi. Yupo anayejaza bei ya juu kila mwaka. Sijui kwa nini anajisumbua.

Ukishakuwa na daftari hilo, jaribu hesabu hii. Chagua bei tatu na ujiulize kwa kila moja, katika zabuni kumi kama hii ningeshinda ngapi? Tuseme kwa 3,050 ungeshinda sita, kwa 3,140 nne, kwa 3,250 moja na nusu. Zidisha faida kwa nafasi ya kushinda. Kwa 3,050 faida ni 129, mara 0.6 ni 77. Kwa 3,140 ni 219 mara 0.4, yaani 88. Kwa 3,250 ni 329 mara 0.15, yaani 49. Ya katikati inashinda ingawa inakupa nafasi ndogo kuliko ya kwanza. Makisio yako yatakuwa na makosa, ndiyo, lakini hesabu inakuonyesha kitu ambacho hamu ya kushinda inakificha: kushusha shilingi 90 hapa kunakata faida kwa zaidi ya theluthi.

Kisha ijaribu bei kwa mwaka mbaya. Tuseme bei za Januari hadi Mei zimepanda asilimia 10 zaidi ya ulivyopanga. Gharama yako ya wastani kwa mwaka inapanda kama 143 kwa kilo, ukihesabu upungufu na gharama ya kusubiri. Kwa 3,050 umekwisha, una hasara ya 14. Kwa 3,140 umebakiwa na 76. Mimi sijazi bei isiyoweza kubeba mwaka mbaya wa kawaida. Mwaka mbaya wa ajabu hakuna bei inayoubeba.

Sasa nitashushaje bei bila kujimaliza?

Shusha gharama, halafu ndipo ushushe bei. Kwa maharage njia yenye nafasi kubwa ni kununua msimu wa mavuno kwa ajili ya muhula wa Januari hadi Mei. Umenunua Agosti kwa 2,000 na unataka kupeleka Machi. Miezi 7 ya mtaji kwa asilimia 1.5 ni 210, mifuko na nafasi ya ghala tuseme 60, upotevu wa kuhifadhi 40. Jumla 2,310, wakati soko la Machi ni 2,800. Hata ukilinganisha na wastani wa Januari hadi Mei, ambao ni 2,640, umeokoa 330 kwa kilo. Ukifanya hivyo kwa nusu tu ya mzigo wa muhula huo, kilo 4,500, unaokoa karibu milioni moja na nusu, na ukiigawa kwa kilo zote za mwaka ni shilingi 80 hivi. Sasa unaweza kujaza 3,060 na ukabaki na faida ileile uliyokuwa nayo kwa 3,140.

Lakini inataka milioni 9 taslimu Agosti, na inataka uhifadhi wa kweli. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, mzigo ukiwa umekauka, mdomo ukafungwa tabaka kwa tabaka. Panya akitoboa mfuko mmoja, hewa inaingia na fukusi wanaamka. Ukiona unga mweupe chini ya mfuko na vitobo vya duara kwenye punje, umechelewa. Tena maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala la joto yanakuwa magumu kuiva. Mzani hausemi, mpishi ndiye atakayesema, kwa sababu kuni zake zinaisha kabla ya sufuria kuwa tayari, na neno la mpishi linafika kwa mkuu wa shule haraka kuliko barua yako.

Njia ya pili ni usafiri. Kama stoo ya shule ina nafasi, omba kupeleka mzigo wa miezi miwili kwa gari moja. Ila utangoja malipo ya mzigo mkubwa, kwa hiyo piga hesabu ya riba kabla hujafurahia nafuu ya kenta.

Ubora wa mzigo usiuguse. Maharage yaliyochanganywa ya zamani na mapya hayaivi pamoja, na hakuna namna ya kulificha hilo mezani kwa watoto mia sita.

Zabuni ina bidhaa nyingi. Naweza kuweka maharage chini na mchele juu ili jumla ipendeze?

Wengi wanafanya, na nimeona inavyowageukia. Shule haikuahidi kununua kila kitu kwa uwiano wa jedwali. Ukiweka maharage chini ya gharama na mchele juu, bwana stoo na mhasibu wataona, na mwaka mzima utaletewa LPO, yaani hati za kuagiza mzigo, za maharage tu. Mchele watausubiri hadi sherehe ya mahafali. Kila bidhaa ijitegemee kwa faida yake. Tofauti ndogo sawa, hasara ya makusudi hapana.

Na ukumbuke kwamba bei ya kipimo kimoja ndiyo inayokufunga. Soma kipimo mara mbili. Kama wameandika "gunia" bila kilo, uliza kupitia mfumo kabla ya muda wa maswali kuisha. Gunia la nani? Lumbesa nayo wanaiita gunia.

Je, kilo 18,000 zikiwa kwenye mkataba, lazima wazinunue zote?

Kwa mikataba mingi ya kuagiza kwa LPO, hapana. Kiasi ni makadirio. Wakinunua kilo 11,000 tu, zile milioni 1.8 za gharama za biashara zinakuwa 164 kwa kilo badala ya 100, na 64 za faida zimeyeyuka kimya kimya. Kwa sababu hii mimi hugawanya gharama hizo kwa kiasi ninachoamini kitanunuliwa, siyo kilichoandikwa. Na mzigo wa kuhifadhi sinunui wote, hununua nusu. Soko la Machi litanipokea kama shule haitanipokea.

Kuna hasara gani zinazotokea pale stooni kwenyewe?

Mzani. Siku moja nilipeleka magunia 18 niliyoyapima kilo 100 kila moja, gunia likiwamo. Mtunza stoo wa shule, kijana mpole mwenye kalamu sikioni, alipima gunia tupu kwanza, akaandika, ndipo akaanza kupandisha mzigo. Kila gunia akalikata uzito wa gunia lenyewe. Kisha akachoma bambo ubavuni mwa magunia matano, akamwaga punje kiganjani, akapuliza. Lililokuwa na vumbi akaliweka pembeni. Nilirudi na gunia moja kwenye gari na karatasi ya mapokezi iliyopungua karibu kilo 120. Hakunionea hata kidogo. Jedwali liliandika uzito halisi, mimi ndiye niliyesoma haraka. Siku hizi najaza kilo 101 na kitu, na nafasi hiyo iko ndani ya ule upungufu wa asilimia 4.

Usiondoke bila hati ya mapokezi iliyosainiwa yenye kilo zilizopokelewa, na risiti ya EFD itoke kwa kilo hizohizo. Hati ikisema 1,680 na risiti 1,800, malipo yanalala mpaka mtu apate muda wa kukupigia simu.

Nimeshinda, kisha nikagundua nimekosea bei. Naweza kujitoa?

Ukijitoa ndani ya muda wa uhalali wa zabuni, au ukikataa kusaini, unapoteza dhamana ya zabuni. Kama ulijaza tamko la dhamana badala ya fedha ya benki, unaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma. Kama taasisi imekuandikia kuuliza kwa nini bei yako iko chini sana, hapo una nafasi ya kusema ukweli kwa hesabu. Wasipouliza, piga hesabu mbili: hasara ya kutekeleza na hasara ya kufungiwa. Ninayemjua aliyekosea kwa shilingi 100 alitekeleza, akanuna mwaka mzima, na mwaka uliofuata akashinda tena kwa bei iliyonyooka.

Mtu wa ndani anataka asilimia kumi. Niiweke kwenye bei?

Faida yetu ni saba. Ukiiweka, bei inapanda hadi 3,500 hivi na unashindwa. Usipoiweka, unapeleka maharage kwa hasara ili mtu mwingine ale. Na ni kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea. Mimi huiacha zabuni hiyo.

Lini niache kabisa?

Ukiona gharama yako kamili imepita bei zote zilizoshinda kwenye taasisi hiyo, ukizilinganisha na soko la wakati ule, na huna gharama ya kupunguza. Au ukiona inataka mtaji unaozidi ulio nao kwa mizigo mitatu. Mwaka juzi niliacha zabuni ya chuo kimoja nikiwa nimeshajaza kila kitu, zimebaki saa nne za kufunga, kwa sababu muuza mboga wa pale aliniambia mzigo wa mwisho aliolipwa ulikuwa wa miezi sita nyuma. Milioni zile nilinunulia maharage Agosti. Machi nikawauzia walioshinda.